Kamera ya moja kwa moja au picha moja ya kupakia: utatuzi wa matatizo ya kusoma maandishi madogo

Programu nyingi za akili mnemba zilizomo kwenye simu humpa mtumiaji njia mbili za kuonyesha kitu. Ya kwanza ni kupiga picha mnato, kuipakia, kisha kuandika swali. Ya pili ni kuwasha kamera ya moja kwa moja, kuielekeza kwenye kitu na kuuliza kwa sauti huku kamera ikiendelea kuona. Watumiaji wengi huzichukulia kuwa ni njia moja iliyovaa nguo mbili, na hapo ndipo malalamiko huanzia, kwa kuwa kinachofika kwa programu katika njia moja si kile kinachofika katika njia nyingine.

Mwongozo huu unahusu kazi moja tu, nayo ni kusoma herufi na namba ndogo zilizochapwa kwenye vitu, kama vile kibandiko cha nyuma ya kifaa, tarehe iliyo kwenye pakiti ya dawa, au tarakimu za mita. Nimeichagua kazi hiyo kwa sababu jibu lake huwa sahihi au si sahihi. Programu ikielezea bustani kwa makosa madogo, huenda usitambue. Lakini ikikosea herufi moja ya nywila, kifaa hakiunganiki.

Kinachopelekwa si kile unachokiona kwenye kioo

Ukiwasha kamera ya moja kwa moja, kioo cha simu hukuonyesha mandhari laini isiyokatika. Hiyo ni picha ya kukuongoza wewe. Kinachosafiri kwenda kwenye programu ni fremu chache zilizochotwa kutoka kwenye mkondo huo, zikiwa zimepunguzwa ukubwa na kubanwa ili zipite upesi mtandaoni. Nyaraka za Google kwa waunda programu wanaotumia Gemini Live, kwa mfano, zinaeleza kwamba picha hupokewa kwa kasi isiyozidi fremu 1 kwa sekunde. Kwa hiyo ukipitisha simu juu ya kibandiko kwa nusu sekunde, inawezekana kabisa kwamba hakuna fremu hata moja iliyokinasa, ingawa wewe ulikiona vizuri.

Picha mnato ina mwenendo mwingine. Kamera hulenga, hupima mwanga na, katika simu nyingi za miaka ya karibuni, huunganisha picha kadhaa zilizopigwa kwa kufuatana ili kupata moja iliyo safi. Matokeo yake, ambayo mara nyingi huwa na pikseli milioni 12 au zaidi, hubaki kwenye simu, na unaweza kuyakuza, kuyakata au kuyalinganisha na jibu ulilopewa. Kosa likitokea, lipo mahali pa kulitafuta. Katika kamera ya moja kwa moja fremu iliyozaa kosa huwa imeshapita, na kwa kawaida hairudi kuonekana.

Kutokana na hayo, kauli ya "mbona mimi naiona vizuri kwenye kioo" haithibitishi chochote. Ni vyema kuiweka kando mapema, maana huwapotezea watu muda mwingi kuliko hitilafu yenyewe.

Dalili: jibu linazungumzia kitu ambacho kamera imeshakiacha

Unaelekeza simu kwenye swichi ya kwanza, unauliza ni ya nini, kisha unasogea kwenye ya pili wakati swali bado liko mdomoni. Jibu linakuja likieleza ya kwanza, au linachanganya maandishi ya zote mbili. Kisababishi ni muda: fremu huchotwa kwa vipindi, husafiri, huchakatwa, na jibu hutungwa kabla halijasomwa kwa sauti. Mkono wako unakwenda kasi kuliko mnyororo huo.

Tiba ni kubadilisha mpangilio wa matendo. Tulia kwanza juu ya kitu kwa sekunde 2 au 3, uliza ukiwa umetulia, na usisogee mpaka jibu lianze kusikika. Swali nalo litaje kitu chenyewe, kwa mfano "namba iliyo chini ya mstari mwekundu", badala ya "hii", kwa kuwa neno "hii" humaanisha chochote kilichokuwa kwenye fremu ya mwisho kufika. Tatizo la namna hii halipo katika picha ya kupakia, kwa sababu swali na picha hufungamana tangu mwanzo. Kama una vitu vingi vinavyofanana na vimekaa karibu karibu, kama safu ya swichi au nyaya zenye lebo, ningependekeza uache kamera ya moja kwa moja bila kubishana nayo, upige picha ya kila kimoja.

Dalili: maandishi makubwa yanasomwa, madogo yanabuniwa

Hili ndilo tatizo kubwa, na ndilo linalohitaji subira zaidi. Programu inataja jina la kampuni lililoandikwa kwa herufi kubwa bila shida, kisha inaposhuka kwenye mistari midogo inatoa jibu lenye sura ya ukweli lakini lisilolingana na kilichochapwa. Mara nyingi haisemi kwamba haioni. Hujaza pengo kwa kile kinachoelekea kuwepo mahali kama hapo.

Kisababishi cha kwanza ni upungufu wa pikseli. ML Kit, zana ya Google ya kutambua maandishi ndani ya programu za simu, hueleza katika mwongozo wake kwamba kila herufi ya Kilatini inapaswa kuchukua angalau pikseli 16 kwa 16, na kwamba kupita pikseli 24 kwa kawaida hakuongezi usahihi. Modeli kubwa za lugha hazifanyi kazi kwa namna ileile, lakini kipimo hicho kinafaa sana kwa makadirio, na hesabu yake ni ya shule ya msingi.

Tuchukue kibandiko cha nyuma ya ruta ya Wi-Fi. Upana wake ni milimita 80, na nywila imechapwa kwa herufi zenye kimo cha milimita 1.5. Tuseme mkondo wa kamera ya moja kwa moja ni wa pikseli 1280 kwa 720, kiwango cha kawaida kwa video ya mtandaoni. Mtumiaji ameshika simu wima, kama tulivyozoea wote, na kibandiko kimejaa upana wa kioo. Pikseli 720 zikigawanywa kwa milimita 80 hutoa pikseli 9 kwa kila milimita, na herufi ya milimita 1.5 hupata pikseli 13 au 14 tu. Iko chini ya kiwango. Mtumiaji huyohuyo akilaza simu ili upande mrefu ufuate urefu wa mstari, pikseli 1280 kwa milimita 80 hutoa 16 kwa milimita, na herufi hupata pikseli 24. Hakuna kilichobadilika isipokuwa namna ya kushika simu, na bado maandishi yametoka kwenye kubahatisha yakaingia kwenye kusomeka.

Picha mnato ya pikseli 3024 kwa 4032, ikipigwa kwa simu iliyo wima na kibandiko kikijaa upana, humpa mtumiaji karibu pikseli 38 kwa milimita, yaani herufi yenye kimo cha pikseli 57 hivi. Hiyo ni ziada kubwa. Hapa ndipo wengi huhitimisha kwamba picha ya kupakia ni bora siku zote, na hitimisho hilo si sahihi. Programu nyingi huipunguza picha kabla modeli haijaiona. Kanuni iliyochapishwa na OpenAI kwa modeli ya GPT-4o, katika kiwango cha juu cha undani, ilikuwa kwamba picha huingizwa kwanza ndani ya mraba wa pikseli 2048, kisha hupunguzwa tena mpaka upande wake mfupi uwe pikseli 768. Picha yetu ya milioni 12 basi hufika ikiwa na pikseli 768 kwa 1024. Ukigawa 768 kwa 80 unapata pikseli 9.6 kwa milimita, na herufi yetu inarudi kwenye pikseli 14. Tumepiga picha nzuri, tumesubiri ipakiwe, na tumeishia palepale pa kamera ya moja kwa moja iliyoshikwa wima.

Tiba ni kukata picha kabla ya kuipakia. Mtumiaji wa mfano wetu anafungua picha kwenye sehemu ya kuhariri iliyo ndani ya simu, anabakiza ukanda wa mistari miwili au mitatu yenye jina la mtandao na nywila, na kupakia ukanda huo peke yake. Ukanda wa pikseli 3024 kwa 600, ukiingizwa kwenye mraba wa 2048, hubaki na upana wa pikseli 2048. Sasa kila milimita ina pikseli 25 na zaidi, na kila herufi ina pikseli 38. Picha ni ileile, simu ni ileile, na kilichoondolewa ni ukuta na nyaya zilizokuwa zikila nafasi bila faida. Kila programu ina kanuni yake ya kupunguza picha, na kanuni hizo hubadilika, lakini kukata kingo zisizohitajika hakujawahi kudhuru usomaji.

Usivutwe na wazo la kusogeza simu karibu kabisa ili herufi zijae kioo. Lenzi kuu ya simu ina umbali wa chini ambao ukiupita haiwezi kulenga, na katika simu nyingi umbali huo ni zaidi ya sentimita 10. Ukiona kingo za herufi zinatanda ukungu kila unapokaribia, au picha inaingia na kutoka kwenye ukungu kwa zamu, umevuka mpaka huo. Rudi nyuma kidogo, kuza mara 2 kwenye kioo, kisha gusa maandishi kwenye kioo ili kamera ilenge hapo, kama programu yako inaruhusu.

Dalili: kila ukiuliza upya unapewa herufi tofauti

Mara ya kwanza ni B, mara ya pili ni 8, mara ya tatu ni 3. Hii ni dalili yenye faida kwako, ingawa inaudhi, kwa sababu inakiri jambo ambalo sauti ya programu hailikiri: kwamba fremu hazina taarifa ya kutosha. Kwa picha ya kupakia unaweza kupata jibu lilelile lisilo sahihi mara tatu mfululizo na ukadhani kwamba uthabiti ni uthibitisho.

Visababishi vyake ni viwili, na vinatenganishwa kwa jaribio dogo. Weka simu juu ya vitabu au uiegemeze kwenye kitu imara, ielekeze kwenye maandishi yaleyale, kwa umbali uleule na mwanga uleule, kisha uliza tena. Majibu yakitulia, tatizo lilikuwa mtikisiko wa mkono. Yakiendelea kuyumba, tatizo ni pikseli, na unarudi kwenye hesabu ya sehemu iliyotangulia.

Mtikisiko huumiza zaidi katika kamera ya moja kwa moja kwa sababu ya mwanga hafifu. Kukiwa na giza, kamera huacha kila fremu ikusanye mwanga kwa muda mrefu zaidi, na kwa mkondo wa fremu 30 kwa sekunde muda huo unaweza kufika moja ya thelathini ya sekunde. Mkono unaosogea kwa sentimita 3 kwa sekunde, mwendo ambao mwenyewe hauusikii, utakuwa umekwenda milimita 1 katika kipindi hicho. Kwa herufi yenye kimo cha milimita 1.5, milimita moja ya kusogea inatosha kuifanya B na 8 kuwa kitu kimoja. Picha mnato ina nafasi ya kujitetea, kwa kuwa simu inaweza kupiga picha kadhaa fupi na kuziunganisha. Fremu za moja kwa moja hazipati nafasi hiyo.

Kwa hiyo ongeza mwanga kabla ya kuongeza maswali. Tochi ya simu husaidia, isipokuwa kibandiko kikiwa cha kung'aa, ambapo taa iliyo sambamba na lenzi huacha doa jeupe katikati ya maandishi. Hapa kamera ya moja kwa moja ina sifa ambayo picha mnato haina: unainamisha simu kidogo kidogo na kuona doa likihama, kisha unasimama pale lilipotoka juu ya maandishi. Anayepiga picha mnato hurudia kupiga na kukagua, kupiga na kukagua.

Kuna jambo moja ambalo hakuna njia inayolitibu. Nywila na namba za utambulisho wa kifaa hazina maana ya lugha, hivyo programu haina muktadha wa kuisaidia kuchagua kati ya 0 na O, au kati ya 1, l na I. Katika neno la kawaida, herufi zinazozunguka hutoa jibu. Katika mfuatano wa kubahatisha hakuna cha kushika. Iombe programu itaje herufi moja moja na ionyeshe zile ambazo haina uhakika nazo, kisha uzikague hizo kwa macho yako kwenye picha iliyokuzwa. Ukaguzi huo unawezekana kwa urahisi pale tu ambapo picha ipo, na ndiyo sababu, kwa nywila, nisingetegemea kamera ya moja kwa moja hata ikisoma vizuri.

Dalili: tarakimu za taa zinakatika au hazionekani

Mashine nyingi huonyesha namba kwa vijiti vya taa nyekundu au kijani. Katika baadhi yake, tarakimu haziwaki zote kwa wakati mmoja. Huwashwa moja baada ya nyingine kwa kasi inayolihadaa jicho. Kamera inayofungua kwa muda mfupi sana huzinasa zile tu zilizokuwa zikiwaka. Unapata picha safi, yenye 4 na 7, huku tarakimu ya katikati haipo.

Hapa mambo yanageuka. Picha mnato iliyopigwa kwenye mwanga mkali ndiyo inayopata shida zaidi, kwa sababu mwanga mwingi hufupisha muda wa kufungua. Kamera ya moja kwa moja hupeleka fremu nyingi, na tarakimu iliyokosekana kwenye moja inaweza kuwepo kwenye nyingine, ingawa hakuna uhakika kwamba programu itazilinganisha badala ya kushikilia ile iliyoifikia kwanza. Kivulishe kioo cha mashine kwa mkono ili kamera ifungue kwa muda mrefu zaidi, na ukipiga picha mnato, piga kadhaa. Vioo vya kijivu visivyotoa mwanga, kama vya mita nyingi, mara nyingi havina tabia hii; tatizo lao ni pembe ya kutazamia, na kuelekeza simu moja kwa moja mbele ya kioo kwa kawaida hulimaliza.

Dalili: inasoma vizuri chumba kimoja, inashindwa chumba kingine

Ukishahakikisha kwamba mwanga ni uleule, shuku mtandao. Mkondo wa moja kwa moja hauna ruhusa ya kuchelewa, kwa hiyo njia ya kupeleka data inapokuwa finyu, mfumo hushusha ubora wa picha au hupunguza fremu ili mazungumzo yasikatike. Hutapewa onyo. Sauti itaendelea vizuri, kioo chako kitaendelea kuwa safi, na maandishi madogo yataanza kubuniwa. Picha ya kupakia haina haraka hiyo: mtandao ukiwa dhaifu, inachukua muda mrefu zaidi lakini inafika vilevile ilivyotoka.

Jaribio lake ni kubadilisha mtandao bila kusogeza simu, kwa mfano kutoka Wi-Fi kwenda data ya simu, na kuuliza swali lilelile. Kumbuka gharama pia. Mkondo unaotumia megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 7.5 kwa dakika, kwa hiyo dakika chache za kuhangaika na kibandiko kimoja zinaweza kuzidi picha kadhaa za kupakia. Simu nayo hupata moto, na simu iliyopata moto inaweza kuzima tochi au kupunguza mwendo wa kamera katikati ya kazi.

Dalili: imesahau ulichoonyesha mwanzoni

Umeonyesha kibandiko cha kifaa cha kwanza, ukaenda kwa cha pili, kisha ukauliza kama namba zao zinafanana. Jibu linataja namba ambayo haipo popote. Fremu za video hula nafasi kubwa ya kumbukumbu ya mazungumzo, na mifumo huweka mipaka. Nyaraka za Gemini Live kwa waunda programu zimetaja kikomo cha dakika 2 kwa kikao chenye sauti na video pamoja, endapo mwunda programu hajaweka utaratibu wa kubana yaliyopita. Programu unayotumia inaweza kuwa na mpangilio mwingine, lakini kanuni haibadiliki: kilichoonekana zamani hufifia au huondolewa.

Kwa ulinganisho, tumia picha mbili zilizopakiwa pamoja na uziite ya kwanza na ya pili katika swali lako. Ukilazimika kubaki kwenye kamera ya moja kwa moja, iambie programu isome namba ya kifaa cha kwanza kwa sauti kabla hujaondoka, na uiandike. Maneno yaliyotamkwa kwa kawaida hudumu kwenye mazungumzo kuliko fremu.

Dalili: jibu linataja kitu ambacho hukukusudia kukionyesha

Uliuliza kuhusu ruta, nayo ikagusia barua iliyokuwa mezani. Programu haijakosea, kamera ya moja kwa moja huchukua kila kinachopita mbele yake unapokuwa ukitafuta kibandiko, pamoja na sauti za waliomo chumbani. Elekeza lenzi kwenye kitu kwanza, uiwashe baadaye, na uizime kabla hujageuka. Picha mnato hukupa hatua ya kati, ambapo unaweza kukagua na kukata kabla ya kutuma. Nayo ina siri yake: faili la picha linaweza kubeba mahali ilipopigwa, ikiwa ruhusa ya eneo imewashwa kwenye kamera. Na ukitaka kuwa mkali zaidi, jiulize kama nywila ina haja ya kupita kwa mtu wa tatu, ilhali kukuza picha kwenye simu yako kungetosha kuisoma.

Mtumiaji asiyeona

Ushauri mwingi uliotangulia unamchukulia mtumiaji kuwa anaona kioo chake. Kwa asiyeona, kasoro ya picha mnato huanza mapema zaidi, kwa kuwa hajui kama kibandiko kimo ndani ya picha. Anapakia, anasubiri, na anaambiwa kwamba maandishi yamekatwa upande wa kulia. Kamera ya moja kwa moja humwezesha kuuliza "nisogeze wapi" na kurekebisha papo hapo, na faida hiyo inazidi upungufu wote wa pikseli.

Programu ya Seeing AI ya Microsoft, iliyotolewa mwaka 2017, ilizitenganisha kazi hizi waziwazi. Ina sehemu ya maandishi mafupi, inayosoma kwa sauti mara maneno yanapotokea mbele ya kamera, na ina sehemu ya nyaraka, ambayo humwongoza mtu kwa sauti mpaka kingo za ukurasa ziingie, kisha hupiga picha mnato na kuisoma hiyo. Mpangilio huo unaweza kuigwa katika programu yoyote: tumia kamera ya moja kwa moja kutafuta kibandiko na kujua kiko upande gani, tulia hapo bila kusogeza mkono, halafu piga picha ya kupakia. Kama usomaji unakosea hata baada ya hapo, jaribu kulaza simu kabla ya kujaribu kitu kingine.

Dalili za picha ya kupakia pekee

Faili linakataliwa ingawa linafunguka vizuri kwenye simu: angalia aina yake. iPhone huhifadhi picha kwa muundo wa HEIC isipokuwa umebadilisha mpangilio, na si kila mfumo unaupokea. Katika mipangilio ya kamera, chagua `Most Compatible`, na picha zitakazofuata zitakuwa JPEG.

Maandishi yanasomwa ovyo ilhali ni makubwa na yako wazi: huenda picha imefika ikiwa ya ubavu. Simu mara nyingi huhifadhi picha kama ilivyonaswa na kuandika pembeni mwa faili namna ya kuizungusha, na mfumo usiosoma maelezo hayo huiona imelala. Fungua picha kwenye simu, piga picha ya skrini ikiwa wima na uipakie hiyo. Picha ya skrini haina maelezo ya mzunguko ya kupotosha, ila inabeba pikseli za kioo tu, kwa hiyo kuza kwanza mpaka maandishi yajae kioo.